Kilichobadilika, andika kilivyobadilika

Nimeletewa tena rasimu ya ripoti ya ruzuku yenye sentensi ileile: "Filamu yetu imebadilisha maisha ya wakulima." Filamu imeonyeshwa mara moja, kwenye ukumbi wa kata. Watengenezaji dokumentari wengi hapa Moshi wanaamini mfadhili akijua mambo yalikwenda tofauti na andiko la mradi, atadai hela zake. Mara nyingi si kweli, na imani hiyo inaharibu ripoti nzuri.

Dokumentari yetu sisi ilihusu mfongo mmoja mlimani, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba. Kwenye andiko tuliahidi kumfuata mzee anayesimamia zamu za maji. Katikati ya kazi ugomvi wa zamu ukafika kwenye baraza la kijiji, na mzee akaomba asionekane. Fomu ya ridhaa aliyosaini ilituruhusu kumtumia, lakini tulimwondoa. Hadithi ikahamia kwa mama wa kihamba cha chini, shamba la nyumbani ambako maji hufika mwisho. Yeye huzungumza Kichagga, kwa hiyo hela ya droni tukaitumia kulipia tafsiri.

Kwenye ripoti hayo yalichukua aya moja: tuliahidi nini, tukafanya nini, kwa nini, fedha zilihama kutoka kifungu gani cha bajeti kwenda kipi, na tarehe ambayo mfadhili aliridhia. Mikataba mingi inataka kibali cha maandishi kabla ya kuhamisha kiasi kinachozidi asilimia fulani ya kifungu, mara nyingi 10. Omba mapema, ripoti ya mwisho si mahali pa kumshtua mtu.

Kinachonikera zaidi ni sehemu ya matokeo. Baada ya onyesho, wanakijiji walitoka kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kusafisha mfongo. Mwenzangu alitaka tuandike kwamba filamu ndiyo iliyowatoa. Lakini kijiji hicho husafisha mfongo kila mwaka masika yakipungua, filamu iwepo isiwepo. Tulipouliza, tuliambiwa jambo jipya ni moja: watu wa vihamba vya juu, ambao huondoka wakimaliza kipande chao, safari hii walishuka hadi chini. Tukaandika hilo, tukataja tuliwauliza akina nani, kisha tukaongeza kwamba baraza nalo lilikuwa limeshakaa kuhusu ugomvi huo, hivyo hatuwezi kutenganisha nguvu ya baraza na ya filamu. Mpaka leo siwezi. Afisa miradi anayesoma ripoti nyingi kwa mwaka huitambua sentensi iliyopulizwa, na akishaitambua, hata hesabu zako ataanza kuzitilia shaka.

Barua ya shukrani iende peke yake, ukurasa mmoja, bila maombi ya fedha mpya na bila picha ya mtu ambaye hakuridhia picha yake itumwe huko. Yetu ilishukuru kwa jambo moja mahususi: mfadhili alipokubali tubadili mhusika, mzee yule alibaki salama kijijini kwake, na sisi hatukulazimika kuchagua kati yake na mkataba.