Fatigi igrali si nywele "zilizochoka"

Katika saluni za Kadutu, hapa Bukavu, kila kichwa chenye nywele zilizofifia siku hizi kinaambiwa kina "fatigi", yaani nywele zimechoka. Na kwa kuwa aliyechoka hulishwa, zinaongezewa maski, ile krimu nzito ya kulainisha nywele. Ni dawa ya kuzimaliza kabisa.

Fatigi igrali ni udhaifu ambao unywele huupata kwa kuvimba na kusinyaa mara nyingi mno kwa sababu ya maji. Basi. Mengine yamo ndani ya jina. "Igrali" imetoka kwenye neno la Kigiriki higros, kitu chenye majimaji. Ni ndugu ya higrometa, kile kipimo cha unyevu wa hewa. "Fatigi" nayo hapa si ya mtu aliyekosa usingizi, ni ya mafundi wa chuma. Kunja waya mara moja, hauna neno. Ukunje na kuunyoosha mara hamsini palepale, utakatika, ingawa hakuna mkunjo hata mmoja uliotumia nguvu.

Unywele ukilowa hunenepa kwa takriban asilimia 15, huku urefu ukibaki karibu uleule. Magamba yake ya nje huinuka, na ukikauka hayalali tena sawasawa. Kwa hiyo hesabu ni ya mizunguko ya kulowa na kukauka. Maski ya dakika 20 mara moja kwa juma haina lawama kwa nywele zisizotiwa dawa. Lakini chukua nywele zilizotolewa rangi, ambazo magamba yake tayari yako wazi: mwenyewe anaziosha mara tatu kwa juma, na kila mara analala na maski chini ya sashe ya plastiki hadi asubuhi. Hiyo ni mizunguko kama 12 kwa mwezi, kila mmoja wa saa 8.

Atajuaje? Avute polepole unywele mmoja uliolowa. Ulio mzima hunyumbuka kidogo, kisha hurudi. Wenye fatigi ni laini kama ugali uliozidi maji: unavutika, unavutika, haurudi, mwishowe unakatika. Ule unaokatika papo hapo bila kuvutika una shida nyingine, ukavu au protini iliyozidi, nao ndio wa kuongezewa unyevu.

Kabla ya kuamua, aoshe mara moja kwa shampuu ya kusafisha sana. Ulaini huo ukiisha, yalikuwa mabaki ya maski tu. Usipoisha, apake mafuta ya nazi usiku wa kabla ya kuosha, kwani hupunguza maji yanayoingia. Aoshe mara moja kwa juma, maski isizidi dakika 20, na aweke dawa yenye protini mara moja tu, kisha angoje mwezi. Ncha zilizokwisha kulegea hazitengenezeki, zikatwe.

Kwa hiyo, dada wa saluni, ukisema "zimechoka", taja pia zimechoshwa na nini. Kama ni maji, funga kopo la maski.