Chupa imepasuka saa ngapi? Hesabu masaa yako sawasawa

*Chupa imepasuka usiku na uchungu haujaja, nisubiri mpaka lini?*

Usisubiri, njoo. Chupa ndio ule mfuko wa maji anaokaa mtoto, ukishapasuka vijidudu vinapata njia ya kupanda juu kwake. Yakishapita masaa 18 mama hajazaa tunamuanzishia antibiotiki hata kama hana homa, na mimba ikiwa haijatimia miezi hatungoji hata hayo 18. Sasa mie kila siku napokea mama kachelewa, nikimuuliza imepasuka lini ananambia "masaa matano tu", na si muongo, kahesabu vibaya.

*Mbona imepasuka saa 3:40 usiku, nimefika saa 9:15 mchana, nikitoa napata masaa matano na dakika 35?*

Kwa sababu umetoa namba ukasahau usiku na mchana. Saa yetu ya Kiswahili inaanza upya saa 12, alfajiri na jioni, kwahiyo ukivuka hapo lazima ukate safari vipande viwili. Kutoka saa 3:40 usiku mpaka saa 12 alfajiri ni masaa 8 na dakika 20. Kutoka saa 12 alfajiri mpaka saa 9:15 mchana ni masaa 9 na dakika 15. Jumlisha: masaa 17 na dakika 35. Wewe umesema matano na dakika 35, umepoteza masaa 12 kamili, na kumbe zimebaki dakika 25 tu kufika 18!

Kujua umekosea ni rahisi, jiulize tangu maji yatoke umesikia adhana gani. Kama umesikia ya Alfajiri na ya Adhuhuri, hayawezi kuwa masaa matano, maana Alfajiri mpaka Adhuhuri peke yake yanapita matano.

*Simu yangu inaandika 9:40 PM na 3:15 PM, nayo nitoe vipi?*

Hapo pa kukata panahama. Saa ya simu inaanza upya saa 6 usiku na saa 6 mchana, ndio zile 12:00 zake. Basi 9:40 PM mpaka 12:00 ya usiku ni masaa 2 na dakika 20, kutoka hapo mpaka 12:00 ya mchana ni masaa 12, mpaka 3:15 PM ni masaa 3 na dakika 15. Jumla 17 na dakika 35, ile ile. Wanaokosea sana ni wale wanaochanganya, saa ya kwanza kaisoma kwenye simu, ya pili kaambiwa na mamamkwe kwa Kiswahili, hapo jibu linapotea kwa masaa sita. Chagua moja, zote mbili ziwe za simu au zote za Kiswahili.

*Mume wangu katumia kalkuleta, 9.15 toa 3.40, imempa 5.75, ndio masaa 5 na dakika 75?*

Hapana jamani. Kalkuleta inadhani saa ina dakika 100, na saa ina 60. Dakika 15 hazitoshi kutoa 40, kopa saa moja kwenye 9 ibaki 8, dakika ziwe 75, 75 toa 40 ni 35, 8 toa 3 ni 5. Halafu ongeza yale 12 kwa sababu umevuka saa 12 alfajiri. Na ukiona jibu la mwisho lina dakika 75 ujue hesabu imeshaharibika.

*Nikisema imepasuka usiku wa Jumanne, si mnaelewa?*

Tunaelewa vibaya, ndio tatizo. Kwetu siku inaingia magharibi, kwahiyo wengi wakisema usiku wa Jumanne wanakusudia ule wa kuamkia Jumanne, yaani Jumatatu baada ya Isha. Kadi ya kliniki inabadilisha tarehe saa 6 usiku. Nesi akiandika Jumanne usiku, hapo masaa 24 mazima yameliwa, na mama anaonekana ndio kwanza chupa imepasuka. Sema "jana baada ya Isha, kabla hatujalala", au taja tarehe.

*Basi nikikaa nyumbani nikahesabu vizuri, naweza kungoja mpaka karibu na 18?*

Hapana. Hesabu ni ya kutwambia sisi tujue dawa ianze lini, si ruhusa ya kukaa nyumbani. Maji yakitoka njoo, iwe saa 8 usiku iwe saa 8 mchana, uchungu upo au haupo, na yakiwa ya kijani au yananuka usingoje hata chai. Ukiona yametoka muombe alie karibu aandike nyuma ya kadi tarehe, saa, na neno usiku au mchana, halafu tafuteni gari.