Siku ya 195 Hakukucha

Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa kijana wa Bagamoyo anayenijaribia gemu: "Kaka, siku ya 195 hakuchi."

Gemu yangu ni ya uvuvi. Unatoka na ngalawa usiku, unavua, unarudi pwani, na mnada hufunguliwa jua likichomoza saa kumi na mbili asubuhi. Kwake jua halikuja. Upepo ulivuma na samaki walinasa kama kawaida, ila saa ya gemu ilisimama saa kumi na dakika 20 alfajiri, na samaki wake wakabaki ngalawani bila mnunuzi. Alifunga gemu, akaifungua tena, hali ikawa ile ile.

Nilijaribu kulirudia tatizo kwangu, nikashindwa. Ndani ya gemu, sekunde moja ya kweli ni dakika moja, kwa hiyo kufika siku ya 195 kwa mwendo wa kawaida kunachukua karibu saa 78 za kucheza. Mimi hutumia kitufe cha kuharakisha muda mara 60, nikafika huko kwa dakika 78 hivi. Nilifanya hivyo mara tatu, na mara zote kulikucha vizuri. Wiki mbili nikapekua msimbo wa jua, wa kalenda, wa mnada. Vyote vilikuwa salama.

Kisha dada mmoja wa Mombasa akaniletea malalamiko hayo hayo, pamoja na faili lake la hifadhi. Nililifungua alfajiri, kabla hata ya adhana, nikaliweka kando ya lile la Bagamoyo. Ngalawa tofauti, pesa tofauti, samaki tofauti. Lakini kwenye mstari wa muda, yote mawili yalikuwa na namba moja: `16777216`.

Watu wawili wasiojuana hawasimami kwenye sekunde moja kwa bahati. Na namba ile naijua. Aliyewahi kushughulika na picha za kompyuta anaijua pia, kwa sababu ndiyo idadi ya rangi zinazopatikana kwa biti 24. Ni 2 iliyozidishwa yenyewe mara 24. Nikaandika mistari miwili tu:

```csharp
float muda = 16777216f;
muda += 1f;   // bado 16777216
```

Hapo nikaelewa. Muda wa gemu niliuhesabu kwa sekunde tangu usiku wa manane wa siku ya kwanza, nikauweka kwenye `float`. Aina hii ya namba ina biti 32, lakini tarakimu zenyewe zina usahihi wa biti 24 tu. Biti nyingine hubeba alama na ukubwa. Mfikirie karani ambaye daftari lake lina visanduku vitatu vya tarakimu, na pembeni anaandika ni makumi au mamia. Hadi 999 anahesabu moja moja bila shida. Akifika 1000 anaandika "100, makumi". Ukimwambia aongeze 1, hana pa kuiandika 1001, anairudisha kuwa 1000. Mwambie tena mara elfu, jibu ni lile lile.

Kwa `float`, mpaka huo ni 16,777,216. Kuanzia hapo inaruka mbili mbili. Namba 16,777,217 iko katikati kabisa ya mbili zinazoandikika, na kanuni ya kukadiria inairudisha chini. Gemu yangu huongeza sekunde 1 kila hatua, hatua 60 kwa sekunde, na kila hatua ilikuwa inapotea nzima. Gawanya namba hiyo kwa 86,400: unapata siku 194 kamili na saa 4, dakika 20 na sekunde 16. Yaani siku ya 195, saa kumi na dakika 20 alfajiri.

Na kitufe changu? Kikiharakisha, kila hatua huongeza 60 badala ya 1. Daftari la kuruka mbili mbili linaipokea 60 bila tabu. Nilikuwa napita juu ya shimo kila siku kwa sababu hatua zangu zilikuwa ndefu.

Ningeweza kuhamia `double`, yenye biti 53 za tarakimu, na ingetosha. Nilichagua `long`, kwa kuwa ninachohesabu ni sekunde nzima, na namba nzima haikadirii kimyakimya. Saa ya siku naipata kwa baki:

```csharp
long muda = 16777216;
float saaYaSiku = (muda % 86400) / 3600f;
```

Mafaili ya zamani hayakupoteza kitu, maana hadi kwenye mpaka ule `float` huandika kila namba nzima kwa usahihi. Niliyasoma, nikayageuza.

Kijana wa Bagamoyo alifungua toleo jipya asubuhi ile ile. Kutoka alipokwama hadi saa kumi na mbili ni sekunde zisizofika 100 za kweli. Akaniandikia: "Kumekucha kaka. Nauza."