Muda wa kutoshindana na muda wa usiri katika mkataba wa ajira

Sharti la kutoshindana humzuia mfanyakazi aliyeondoka kufanya kazi au biashara inayoshindana na ya mwajiri wake wa zamani kwa muda fulani na katika eneo fulani, ilhali sharti la usiri humkataza kutoa au kutumia taarifa za ndani za mwajiri huyo. Meneja anayepitia faili la mfanyakazi anayeondoka huona haraka maneno kama "miezi 6" na kuyanakili, lakini idadi hiyo haina maana mpaka ijulikane inahesabiwa kuanzia siku gani.

Tuchukue mfano wa kubuni wa msimamizi wa mauzo jijini Nairobi. Aliwasilisha notisi ya mwezi mmoja tarehe 31 Mei 2024, akatumia siku zake za likizo zilizobaki, na siku yake ya mwisho ofisini ikawa 14 Juni. Kifungu cha 14 cha mkataba wake kinamzuia kushindana kwa "miezi 6 baada ya ajira kukoma", na kifungu cha tafsiri mwanzoni mwa mkataba kinaeleza kwamba ajira hukoma notisi inapokwisha, yaani 30 Juni. Kwa hiyo miezi hiyo inaanza 1 Julai na kuisha 31 Desemba 2024. Meneja aliyehesabu kuanzia siku kadi ya mlango iliporudishwa angefikia katikati ya Desemba, akakosea kwa zaidi ya wiki mbili. Muda wa usiri, ambao katika kifungu cha 12 ni miaka 2, unaisha 30 Juni 2026; hata hivyo aya yake ya mwisho inaziweka kando siri za biashara, ambazo zinalindwa maadamu hazijajulikana nje. Hizo ziandikwe "bila ukomo", zisijumuishwe katika ile miaka 2.

Baada ya hapo faili lote lisomwe, hasa barua za kupandishwa cheo. Katika mfano huu, barua ya 2022 inataja miezi 12 badala ya 6, lakini ina saini ya mwajiri peke yake. Mimi ningeandika miezi 6 kama muda uliokubaliwa, nikaiweka ile 12 pembeni pamoja na tarehe ya barua na saini inayokosekana, ili mwanasheria aamue. Kuchagua muda mrefu kwa sababu tu ni mpya ni kumbebesha mtu mzigo ambao huenda hakuukubali.

Tarehe iliyopatikana inaonyesha kilichoandikwa tu. Nchini Kenya, Sheria ya Mikataba Inayozuia Biashara, Sura ya 24, inairuhusu Mahakama Kuu kubatilisha kizuizi ikiridhika kwamba si cha haki kwa kuzingatia aina ya kazi, muda na eneo, na kwa sababu hiyo eneo linalotajwa katika kifungu linakiliwe kando ya tarehe, neno kwa neno.