Simu ya Jumapili isiyohama: kupanga saa ya Mikindani kwenye kalenda ya ndugu walio mbali

Tuchukue familia moja ya kawaida ya huku kusini mwa Tanzania. Bibi yuko Mikindani, mjomba yuko Lindi mjini, binti mmoja anafanya kazi Leeds, Uingereza, na kaka yake anaishi Toronto na watoto. Wamekubaliana kila Jumapili saa mbili usiku wapigiane simu ya video. Kwenye kundi la familia jambo hili linamalizika kwa ujumbe mmoja, lakini kwenye kalenda ya simu lina swali moja ambalo wengi hawajiulizi: hiyo saa mbili ni saa ya nani?

Ukifungua tukio jipya, kalenda huchukua kimyakimya saa za mahali ilipo simu yako. Binti wa Leeds akiliandika yeye mwezi wa Septemba, ataweka 18:00, maana wakati huo Uingereza iko nyuma yetu kwa saa mbili. Ataliwekea lijirudie kila wiki, atatuma mwaliko, na kwenye simu ya Mikindani litaonekana 20:00, sawasawa na makubaliano. Wiki saba nane zinapita bila tatizo. Kisha inafika Jumapili ya tarehe 25 Oktoba 2026. Alfajiri ya siku hiyo Waingereza wanarudisha saa zao nyuma kwa saa moja, kama wanavyofanya kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tukio la binti linabaki 18:00 ya kwake, lakini 18:00 ile sasa ni 21:00 ya Mikindani. Bibi amejiandaa saa mbili, simu haikuita, saa tatu kasoro amekwenda kulala. Halafu inasemwa kwamba mtandao ulisumbua.

Kalenda haikukosea hapo. Imefuata ilichoambiwa: 18:00 ya London, kila Jumapili. Sisi huku hatusogezi saa mwaka mzima, tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia, Januari hata Desemba. Wanaosogea ni wao. Kwa hiyo tukio lifungwe kwenye saa za yule asiyeweza kubadilisha ratiba yake, na katika familia hii ni bibi. Ingekuwa binti ni muuguzi anayetoka zamu saa ile ile ya Kiingereza kila Jumapili, ningesema lifungwe London na bibi ndiye aambiwe kwamba majira ya baridi simu inakuja saa tatu. Chagueni mmoja. Kumridhisha kila mtu kwa saa yake mwaka mzima haiwezekani.

Hatua zenyewe kwenye Kalenda ya Google ya Android ni fupi. Gusa alama ya kujumlisha, chagua `Event`, andika jina. Weka tarehe 6 Septemba 2026, kuanzia 20:00 hadi 21:00. Chini ya saa kuna mstari wa saa za eneo, `Time zone`. Kama hauonekani, gusa `More options`. Aliyeko Leeds au Toronto aguse hapo, atafute Tanzania, achague saa za Afrika Mashariki, GMT+3. Afanye hivyo kwanza, halafu arudi kuhakiki kwamba saa bado inasoma 20:00. Kisha aguse `Does not repeat` na kuchagua `Every week`. Mwisho aongeze anwani za barua pepe za wengine kwenye `Add people`.

Ndani ya faili la kalenda, kazi yote hiyo ni mistari miwili:

```
DTSTART;TZID=Africa/Dar_es_Salaam:20260906T200000
RRULE:FREQ=WEEKLY;BYDAY=SU
```

Mstari wa kwanza ndio uti wa mgongo. Ungesomeka `Europe/London`, mambo ya Oktoba yangejirudia.

Kujua kama umefunga vizuri hakuhitaji kusubiri Oktoba. Isogeze kalenda mbele hadi Jumapili tarehe 1 Novemba, ufungue tukio. Kwenye simu ya Mikindani lazima lisome 20:00. Kwenye simu ya Leeds lisome 17:00, si 18:00 tena. Toronto ndiyo inayochanganya zaidi, kwa sababu haisogezi saa siku moja na Uingereza. Tarehe 25 Oktoba Leeds imeshabadilika lakini Toronto bado, hivyo kwa kaka simu inaingia 13:00 kama kawaida yake. Tarehe 1 Novemba ndipo naye anarudi nyuma, na simu inamfikia 12:00. Mwezi wa Machi hupatikana pengo la namna hiyo hiyo, refu zaidi: Toronto wanasogeza Jumapili ya pili, Waingereza Jumapili ya mwisho. Ndiyo maana kuhesabu kwa kichwa, "Toronto ni saa saba nyuma yetu," kunakubali miezi kadhaa na kukuangusha mingine. Mwenye ndugu Muscat hana shida hiyo. Oman nao hawasogezi, kwao ni saa moja mbele yetu siku zote.

Kuna mtego mwingine ambao ni wetu wenyewe, wala hauko kwenye mwongozo wa simu yoyote. Sisi tunasema saa mbili, simu inasema nane. Bibi akimwambia mjukuu aliyekulia Toronto "nipigie saa mbili", mtoto anaweza kuandika 2 PM kwa moyo mweupe kabisa. Hata mtu mzima huandika 8:00 na kusahau kwamba ameacha AM, tukio likakaa asubuhi. Washa mtindo wa saa 24 kwenye mipangilio ya simu ili 08:00 na 20:00 zisifanane, na kwenye jina la tukio andika saa kwa maneno: "Simu ya familia, saa mbili usiku Mikindani". Jina halibadiliki likivuka bahari.

Siku nayo iangaliwe. Kwa wazee wengi wa pwani siku inaanza jua likizama, kwa hiyo "usiku wa Jumatatu" kwao unaweza kuwa ule ambao kalenda inauita Jumapili 20:00. Ukiambiwa hivyo, uliza: ni wa kuamkia Jumatatu?

Vikumbusho sasa. Watu hudhani ukiweka kikumbusho kwenye tukio, kinalia kwa wote walioalikwa. Sivyo. Kikumbusho ni cha simu na akaunti yako. Bibi atapata kile kilichowekwa kwenye akaunti yake tu. Kwa hiyo aliye karibu naye, mjomba akija kutoka Lindi au mjukuu wa nyumbani, aishike simu yake, afungue tukio na kugusa `Add notification`. Mimi humwekea mzee viwili: kimoja siku moja kabla, ili bando linunuliwe na simu ichajiwe mapema, na kingine dakika 15 kabla. Kile cha dakika 15 peke yake hakisaidii kitu ikiwa betri iko asilimia nne na umeme umekatika.

Kikumbusho kikishafika kwenye simu hakihitaji intaneti kulia. Kinachohitaji data ni mwaliko kuingia na mabadiliko kufika. Bibi anayewasha data mara moja kwa wiki ataendelea kukumbushwa saa ya zamani mpaka awashe, basi mkihamisha simu mpigieni pia kwa laini ya kawaida. Kama data iko na kikumbusho bado hakilii, nenda kwenye mipangilio ya betri ya programu ya kalenda na uiondolee kizuizi, kwa sababu simu nyingi huzilaza programu zisizofunguliwa mara kwa mara. Angalia pia kama saa ya simu imewekwa kwa mkono. Dalili yake ni WhatsApp kulalamika kwamba tarehe si sahihi. Rudisha kwenye saa na eneo la moja kwa moja, usisogeze mishale tu: saa ikionekana sawa huku eneo ni la nchi nyingine, matukio yote yatahama.

Ramadhani itaigonga saa mbili usiku, maana ndio wakati wa tarawehe. Usilifute tukio. Fungua Jumapili husika, badilisha saa, na ukiulizwa chagua `This event`. Fanya hivyo kwa kila Jumapili ya mwezi huo. Ni nne au tano tu. Ukichagua `This and following events` umekata mfululizo vipande viwili, na baada ya hapo marekebisho ya kipande kimoja hayagusi kingine. Wala usiiwekee Ramadhani au Idi `Every year`: kalenda ya simu inahesabu mwaka wa jua, na mwezi mwandamo unatangulia kwa siku kama 10 au 11 kila mwaka.

Siku za kuzaliwa zinakwenda kinyume na simu ya Jumapili: hizi hazitakiwi kuwa na saa za eneo kabisa. Mjukuu wa Toronto amezaliwa tarehe 3 Desemba. Ukiandika tukio la 00:00 kwa saa za Mtwara, kwake litaonekana tarehe 2 saa kumi alasiri. Washa `All-day`, tarehe itabaki 3 popote duniani. Rahisi zaidi ni kuijaza kwenye jina lake katika orodha ya namba, sehemu ya `Birthday`. Mwaka usipojulikana uache wazi, na Kalenda ya Google itaichukua yenyewe kila mwaka.

Ila kikumbusho chake kipange kwa akili. Ukimpigia saa moja asubuhi ya hapa tarehe 3, kule ni 23:00 ya tarehe 2, mtoto amelala na siku yake haijafika. Weka kikumbusho 15:00. Hapo Toronto ni saa moja asubuhi, na tarehe 3 Desemba 2026 ni Alhamisi, kwa hiyo utampata kabla hajatoka kwenda shule.

Aliyezaliwa 29 Februari anahitaji uangalizi wake. Tukio la kawaida la `Every year` lililoanza 29 Februari 2024 litarudi 2028, kwa kuwa kanuni ya kalenda huiruka tarehe isiyokuwepo badala ya kuisogeza. Ndivyo ilivyo pia kwa mchango wa familia uliowekwa kila tarehe 31: Novemba hautaonekana, wala Februari. Mchango uwekeni tarehe 28. Mtoto wa 29 Februari mwandikieni tarehe 28 au 1 Machi, atakavyochagua mama yake.