Nani Alimwambia Nani? Kugeuza Mazungumzo Kuwa Usemi wa Taarifa

Katika madarasa yetu ya tafsiri, zoezi la usemi wa taarifa huja baada ya wanafunzi kufasiri mazungumzo mafupi kutoka Kiingereza. Kwanza wanayaleta kwa Kiswahili yakiwa usemi halisi, kila mtu na maneno yake. Kisha wanaambiwa wayasimulie: waondoe alama za mtajo, waondoe majina yaliyopangwa pembeni, wabaki na aya moja ya habari. Wengi huogopa nyakati za vitenzi. Ukisahihisha kazi zao, hata hivyo, utaona kwamba kinachowaangusha hasa ni kiambishi kidogo cha a-.

Haya ndiyo mazungumzo, baada ya kufasiriwa. Sudi yuko ofisini kwake, Rehema amepita mlangoni.

Sudi: Rehema, umemaliza ripoti yangu?

Rehema: Bado. Kompyuta yangu imeharibika. Nitakuletea kesho asubuhi.

Sudi: Usiniletee hapa. Mpelekee mkurugenzi moja kwa moja. Jana aliniuliza kama unaumwa.

Rehema: Lo! Sikujua kwamba ananisubiri. Samahani sana.

Na hivi ndivyo mwanafunzi anayezijua kanuni zote huandika mara ya kwanza:

"Sudi alimuuliza Rehema kama alikuwa amemaliza ripoti yake. Alimjibu kuwa bado, kompyuta yake ilikuwa imeharibika, na kwamba angemletea siku iliyofuata asubuhi. Alimwambia asimletee pale bali ampelekee mkurugenzi moja kwa moja, kwani siku iliyotangulia alikuwa amemuuliza kama alikuwa anaumwa. Alishangaa na kusema kuwa hakujua kwamba alikuwa anamsubiri, akaomba radhi."

Kisarufi hakuna kosa la kukatwa alama. Nafsi zimebadilika, nyakati zimebadilika, "jana" na "kesho" zimebadilika. Lakini mpe aya hii mtu ambaye hakuyaona mazungumzo, umwambie ayarudishe katika usemi halisi. Akifika kwenye "alikuwa amemuuliza kama alikuwa anaumwa" atasimama. Nani alimuuliza nani, na anayeumwa ni yupi? Huenda ni Sudi, huenda ni Rehema, huenda ni mkurugenzi mwenyewe. Jaribio hilo la kurudisha nyuma ndilo kipimo bora tunachokitumia: kila mahali msomaji anapokwama au anapokosea mtu, taarifa ina shimo.

Sababu iko katika umbo la lugha yenyewe. Katika usemi halisi tuna ni- ya msemaji, u- ya msikilizaji na a- ya anayesemwa. Watu watatu, viambishi vitatu. Tukihamia kwenye taarifa inayosimuliwa na mtu wa nje, wote watatu wanakuwa a-, na wakiwa watendwa wote wanakuwa -m-, na mali yao yote inakuwa -ake. Kiingereza kina nafuu kidogo hapo, kwa sababu viwakilishi vyake vya nafsi ya tatu hutenganisha mwanamume na mwanamke. Sudi na Rehema hawachanganyiki. (Mkurugenzi akiwa mwanamke, nafuu hiyo nayo inayeyuka.) Mwanafunzi aliyezoea kufuata sentensi ya Kiingereza kiwakilishi kwa kiwakilishi huivuka mistari hiyo bila kujua kwamba amemwaga habari njiani.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kitenzi chochote, jibu swali moja: nani anasimulia, na anasimulia akiwa wapi na lini? Vitabu vingi vya shule huchukulia kwamba msimulizi ni mtu wa nje, na kwamba muda umeshapita. Si lazima iwe hivyo. Rehema mwenyewe akimsimulia mwenzake jioni ileile, atasema: "Sudi ameniuliza kama nimemaliza ripoti aliyoniagiza. Nimemwambia bado, nitampelekea kesho asubuhi." Ni- imebaki kwa Rehema, a- ni ya Sudi peke yake, na "kesho" haikuguswa kwa sababu bado ni kesho. Anayemlazimisha Rehema aseme "siku iliyofuata" katika hali hiyo amekariri kanuni bila kujua kazi yake.

Tuchukue sasa msimulizi wa nje, tuupitie mstari wa kwanza. "Ripoti yangu" ya Sudi ikigeuzwa "ripoti yake" inaweza kuwa ya Sudi au ya Rehema. Wapo wanaojaribu kuponya kwa kuandika "ripoti yake mwenyewe", na hapo mambo yanazidi kuharibika, kwa maana "mwenyewe" humrudia mtenda wa kishazi kilicho karibu, na mtenda wa "amemaliza" ni Rehema. "Ripoti yake yeye Sudi" ni sahihi lakini ni nzito. Njia nyepesi ni kueleza uhusiano badala ya kuushikilia umiliki: "ripoti aliyomwagiza". Ukiichambua kama mwanasheria, hata hiyo ina a- na -m- zisizo na majina, lakini hakuna mtu anayeulizwa kama amemaliza kazi aliyomwagiza mwingine. Maana inalinda pale sarufi isipolinda, na si vibaya kuitegemea mradi uipime kwanza.

Mstari wa pili una kitenzi kinachosahaulika mno katika kanuni za usemi wa taarifa: leta. Kuleta ni kuelekea alipo msemaji au anayesemeshwa. Kupeleka ni kuelekea kwingine. Rehema anasema "nitakuletea" kwa sababu Sudi yuko mbele yake. Msimulizi hayupo chumbani, kwa hiyo kwake ripoti ile haiji, inakwenda. Ndiyo maana "angemletea" katika aya ya mwanafunzi inasikika kana kwamba msimulizi amekaa mapajani mwa Sudi. Vivyo hivyo kwa njoo na nenda: "Njoo hapa" ya msemaji mara nyingi inakuwa "alimwambia aende pale". Nasema mara nyingi, kwa kuwa msimulizi akiwa bado yuko mahali palepale, au akiamua kwa makusudi kulitazama tukio kwa macho ya mhusika, kuja na kuleta hubaki. Kitu kisichokubalika ni kubadili "hapa" kuwa "pale" na kuacha "leta" bila kuiangalia, kwa maana maneno hayo mawili yanatazama upande mmoja.

Nyakati sasa. Shule za Kenya hufundisha kwamba -ta- ya usemi halisi hugeuka -nge- katika taarifa: "nitakuja" inakuwa "angekuja". Anayejiandaa kwa mtihani unaodai hivyo na aandike hivyo. Nje ya chumba cha mtihani, mimi huishika kanuni hiyo kwa uangalifu, maana -nge- ina kazi yake nyingine kubwa ya masharti yasiyotimia. Msomaji akikutana na "Rehema alisema angempelekea ripoti asubuhi", anaanza kungoja "lakini". Ukiandika "alisema atampelekea", ahadi inabaki ahadi.

Je, Kiswahili kinaruhusu wakati usiosogezwa nyuma baada ya "alisema"? Usitafute jibu mbali, limo ndani ya mazungumzo yenyewe. Sudi anasema "jana aliniuliza kama unaumwa". Hiyo tayari ni taarifa ndani ya usemi halisi: kuuliza kulikuwa jana, lakini kuumwa kumebaki na -na-. Rehema naye anasema "sikujua kwamba ananisubiri". Kutojua ni kwa zamani, kusubiri kuna -na-. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili atakayeshtuka kwa sentensi hizo. Katika vishazi vya namna hii, -na-, -me- na -ta- hupimwa kwa saa ya yule aliyekuwa akisema au akijua, si kwa saa ya msimulizi. -na- ni jambo linaloendelea wakati ule, -me- lilikwisha kutokea kufikia pale, -ta- lilikuwa mbele. "Alikuwa amemaliza" na "alikuwa anaumwa" si makosa, na husaidia pale unapotaka kusisitiza kwamba hali ile haipo tena. Zikipangwa moja baada ya nyingine katika kila sentensi, ni Kiingereza kilichobeba maneno ya Kiswahili. Wanafunzi walewale, walipokuwa wakifasiri, wengi wao waliandika "sikujua kwamba alikuwa ananisubiri", wakiufuata wakati wa lugha chanzi.

Amri za Sudi hazina shida kubwa. "Usiniletee" na "mpelekee" zinaingia katika dhamira tegemezi, kitenzi kikiishia na -e, na "kwamba" haihitajiki: alimwambia ampelekee. Au unachagua kitenzi chenye amri ndani yake, kama kumkataza au kumtaka. Swali la ndiyo au siyo hupokewa na "kama" au "iwapo", ila si "alimuuliza kuwa kama", ambayo hutokea kwenye karatasi nyingi kuliko ningependa. Viingizi na maneno ya adabu hugeuzwa vitenzi: "Lo!" inakuwa kushtuka au kushangaa, kutegemea ulivyoisikia sauti ya Rehema, na "samahani" inakuwa kuomba radhi. Jina la kuita, "Rehema" la mwanzo, linaingia ndani ya "alimuuliza Rehema".

Linabaki lile shimo la "alikuwa amemuuliza". Hapo kuna watu watatu katika sentensi moja, na hakuna ujanja wa kisarufi utakaokuokoa. Rudisha majina na vyeo. Wanafunzi huona haya kurudia jina, wakidhani ni umaskini wa mtindo. Rudia jina kila mtenda anapobadilika, na tumia cheo kwa yule wa tatu. Aya inakuwa hivi:

"Sudi alimuuliza Rehema iwapo amemaliza ripoti aliyomwagiza. Rehema alijibu kuwa bado hajaimaliza kwa sababu kompyuta yake imeharibika, akaahidi kumpelekea asubuhi ya siku iliyofuata. Sudi alimkataza kuipeleka ofisini kwake, akamtaka ampelekee mkurugenzi moja kwa moja. Alimweleza kwamba siku iliyotangulia mkurugenzi alimuuliza yeye Sudi kama Rehema anaumwa. Rehema alishtuka, akasema hakujua kwamba mkurugenzi anamsubiri, kisha akamwomba Sudi radhi."

Tazama "akaahidi kumpelekea": kitenzi-jina kimeukwepa ugomvi wa -ta- na -nge-, kwa hiyo sentensi hiyo inapita hata mbele ya msahihishaji mkali. Tazama pia -ka- ya "akaahidi", "akamtaka" na "akasema". Katika taarifa kama hii ni salama zaidi pale mtenda anapoendelea kuwa yuleyule. Ukiandika "Sudi alimuuliza Rehema, akajibu", msomaji kwa sekunde moja anamfanya Sudi ajijibu mwenyewe. Na "yeye Sudi" katika sentensi ya nne inaonekana kama ziada, lakini ukiiondoa, "mkurugenzi alimuuliza kama Rehema anaumwa" inaacha mlango wazi kwamba aliyeulizwa ni mtu mwingine kabisa ofisini.