Kingamwili, ELISA na jibu la hCG linalodanganya

Dhana: Antijeni, yaani kitu kigeni kinachoamsha kinga, ikiingia mwilini, kingamwili hujifinyanga kufuata umbo lake.

Mkemia Linus Pauling mwenyewe aliitetea hoja hii mwaka 1940, kwa hiyo si ajabu kwamba bado inasikika. Ukweli ni kwamba mahali pa kunasia huwa pameshaumbwa kabla antijeni haijafika. Seli B, ambayo ndiyo hutengeneza kingamwili, ikiwa bado changa ndani ya uboho hukata na kuunga upya jeni zake: kwa mnyororo mzito huchukua kipande kimoja cha kundi V kati ya takriban 40, kimoja cha D kati ya 23 hivi, na kimoja cha J kati ya 6. Kwenye maungio, kimeng'enya huchomeka herufi za DNA kwa bahati nasibu, herufi ambazo hazikutoka kwa baba wala mama. Susumu Tonegawa alionyesha upangaji huu mwaka 1976, akatunukiwa Nobel mwaka 1987.

Kazi ya antijeni ni kuchagua tu. Seli ambayo kingamwili yake inaishika huzaliana kwa wingi, kisha ndani ya tezi za limfu jeni zake hubadilika kidogo kidogo, na zile zenye mshiko imara zaidi ndizo hubaki.

Dhana: Kila mkono wa kingamwili hunasa kitu chake.

IgG, aina mojawapo ya kingamwili, ina minyororo miwili mizito na miwili myepesi, iliyofungwa pamoja kwa umbo la Y. Mikono yake miwili inafanana kabisa. Kwenye ncha ya kila mkono kuna vitanzi sita, vitatu vya mnyororo mzito na vitatu vya mwepesi, na hivyo ndivyo vinavyogusa antijeni. Kitanzi cha tatu cha mnyororo mzito hutofautiana kuliko vyote, kwa kuwa ndicho kinachoangukia kwenye yale maungio. Navyo havishiki protini nzima: vinashika kisehemu chake kidogo kinachoitwa epitopu. Hapo ndipo ELISA, kipimo cha maabara kinachotumia kingamwili kutafuta protini kwenye sampuli, inapopata nguvu yake.

Dhana: Kwa ELISA, kingamwili zozote mbili za protini hiyo zinatosha.

Chukua hCG, homoni ya ujauzito. Ina sehemu mbili, alfa na beta. Alfa yake ni ileile iliyomo kwenye homoni nyingine tatu, LH, FSH na TSH. Beta ndiyo inayoitambulisha. Kingamwili ya kwanza, ile ya kunasa, huwekwa mikrolita 100 kwa kila kisima cha sahani, kwa kiasi cha mikrogramu 1 hadi 10 kwa mililita kwenye bufa ya kaboneti ya pH 9.6, na kulazwa usiku kucha kwenye nyuzi 4. Sahani huoshwa, kisha nafasi zilizobaki wazi huzibwa kwa albumini ya ng'ombe. Ukiruka hatua hii, kingamwili ya pili itaganda kwenye plastiki na hata kisima kisicho na hCG kitatoa rangi.

Sampuli hufuata, kisha kingamwili ya pili iliyobeba peroksidasi, kimeng'enya cha kutoa rangi, na kati ya hatua na hatua kuna kuosha. Kingamwili ya pili lazima ishike epitopu nyingine, iliyo mbali na ya kwanza. Zikigombea mahali pamoja, rangi haitatoka. Ukinasa kwa alfa, LH nayo itakalia nafasi. Mwisho hutiwa TMB, kemikali ambayo peroksidasi huigeuza bluu. Asidi ya salfuriki huisimamisha ikawa njano, na mashine husoma kwenye nanomita 450. Usihifadhi bufa kwa azidi ya sodiamu, kwani huua peroksidasi.

Dhana: Protini ikizidi, rangi nayo huzidi.

Hii ndiyo hatari kuliko zote. Kwenye vipimo ambavyo sampuli na kingamwili ya pili huingia pamoja, hCG nyingi mno hujaza kingamwili za kunasa na za pili kila moja peke yake. Molekuli moja ya hCG haipati tena kushikwa pande zote mbili, kingamwili zenye kimeng'enya huoshwa na kumwagwa, na rangi hufifia. Hutokea kwa mimba zabibu, yaani mimba isiyo ya kawaida ambayo kondo hukua kama vishada vya zabibu, na ambayo hCG yake inaweza kupita uniti milioni moja kwa lita.

Tuseme kipimo kinasoma hadi uniti 500 kwa lita. Sampuli isiyopunguzwa makali inasoma 180, na inaonekana sawa kabisa. Ukiipunguza mara 100, inapita kilele cha kipimo. Ukiipunguza mara 10,000, inasoma 100, yaani uniti 1,000,000 kwa lita. Sampuli isiyo na tatizo ingetoa jibu lilelile kila ukizidisha kwa kiwango cha upunguzaji. Kuosha baada ya sampuli na kabla ya kingamwili ya pili hupunguza sana tatizo hili, lakini vifaa vingi vya haraka havina nafasi ya kuosha. Kwa hiyo daktari akishuku mimba zabibu, aiandike shaka hiyo kwenye fomu ya maabara, ili sampuli ipunguzwe kabla jibu halijatolewa.